Funga, Si "Mtumiaji Anapaswa Kufunga"

Nina ugomvi na vijitabu vya maelekezo vinavyokuja ndani ya boksi la jiko la gesi. Kimoja nilikisoma Mishomoroni, huku Kisauni. Kiswahili chake kilikuwa sanifu kabisa, na hapo ndipo kiliponikera. Hatua moja ilisema "Fungua mtungi", inayofuata "Mtumiaji anapaswa kukagua mpira", kisha "Tafadhali uwashe jiko", halafu "Usiwashe jiko iwapo kuna harufu ya gesi."

Hebu soma hizo mbili za mwisho haraka. Uwashe. Usiwashe. Zinatenganishwa na silabi moja, tena imejificha katikati ya neno. Andika "Washa" na "Usiwashe", uone: mwanzo tofauti, mwisho tofauti, hata anayesoma kwa tochi ya simu stima ikipotea hazichanganyi. Wapo watakaosema amri kavu ni ufidhuli, sisi wa Pwani tuna adabu zetu. Haya, lakini mama akikwambia "punguza moto", amekutukana? Na huyo "mtumiaji" ni nani, kwani si mimi niliyeshika kiberiti?

Tazama pia lile katazo limewekwa wapi: baada ya hatua ya kuwasha. Nikifika kulisoma, mkono ushawasha. Katazo halina namba kwa sababu si hatua, na linakaa juu ya hatua zinazohusika. Mimi ningeandika hivi:

HATARI: Ukisikia harufu ya gesi, usiguse swichi ya taa, iwe kuwasha au kuzima. Cheche ndogo inaweza kulipua gesi.
1. Zima moto wote.
2. Funga mtungi.
3. Fungua milango na madirisha.
4. Toka nje.

Namba moja, tendo moja, ili jicho likirudi kwenye karatasi lijue liliachia wapi. Na mlango umetajwa makusudi: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, kwa hiyo dirisha la juu peke yake halitoshi.

Sasa hilo neno HATARI. Kiwango cha kimataifa cha ISO 3864 kina ngazi tatu za maonyo, na Kiswahili kina maneno ya kuzitosha. HATARI, kama ile ya kwenye transfoma za stima: ukipuuza, utakufa au utaumia vibaya. ONYO: huenda ukafa au ukaumia vibaya. TAHADHARI: huenda ukaumia kidogo, kama kuungua kidole kwenye sufuria. Chombo kuharibika tu bila mtu kuumia, hiyo ni ILANI.

Kijitabu kile kiliandika TAHADHARI kwa gesi inayovuja, na TAHADHARI hiyohiyo, kwa herufi za ukubwa uleule, kwa anayesugua kioo cha jiko kwa stilwaya.