Dozi nane zilienda wapi? Namna karatasi ya fito inavyoweza kudanganya rapoti ya mwezi

Katika vijiji vingi vya mashariki mwa Kongo, ugomvi kati ya wakaaji na posti ya afya unaanza hivi: dawa ya malaria imeisha, na rapoti ya mwezi inaonyesha wagonjwa wachache kuliko dozi zilizotoka. Watu wa CODESA, komite ya maendeleo ya eneo la afya, wanauliza. Infirmie anajitetea. Mtaani watu wanasema tayari kwamba dawa imeuzwa. Mara ingine ni kweli. Lakini mara ingine hakuna mwizi, ni hesabu tu iliyokatwa mahali pabaya.

Ili kuelewa, inafaa kufuata njia ya namba moja. Mgonjwa mwenye homa anafika posti. Jina lake, umri, kijiji, testi ya haraka (TDR) na dawa aliyopewa vinaandikwa kwenye mstari mmoja wa rejista. Jioni, infirmie anapitia mistari ya siku hiyo na kupiga fito kwenye karatasi ya kuhesabia: fito nne zilizosimama, ya tano inazikata, na hiyo ni tano moja. Mwisho wa mwezi fito zinajumlishwa na kuandikwa kwenye kaneva ya SNIS. Kaneva inapita kwenye kituo cha afya, kisha biro santrali ya zoni ya afya, ambako namba zinaingizwa kwenye kompyuta, katika DHIS2.

Shida ni kwamba posti inatoa pia rapoti ingine. Malaria ni kati ya magonjwa yanayotangazwa kila juma, na juma hilo linaanza Jumatatu na kuisha Jumapili, siku ya yenga. Kwa hiyo infirmie mwenye kazi mingi anakuwa na jumla za majuma tayari mkononi. Mwisho wa mwezi anachukua nne, anazijumlisha, na anaziita mwezi. Hapo ndipo namba zinapotea, kwa sababu mwezi haufuati majuma.

Tuchukue mfano wa kutunga, lakini kwenye kalenda ya kweli: mwezi wa 6, 2025. Tarehe 1 ilikuwa Jumapili, na tarehe 30 ilikuwa Jumatatu. Majuma manne kamili yalianza tarehe 2 na kuisha tarehe 29. Posti yetu ilipata wagonjwa wenye testi ya malaria iliyoonyesha ugonjwa 15 katika juma la kwanza, 18 katika la pili, 13 katika la tatu na 15 katika la nne. Jumla ni 61, na ndiyo namba iliyoandikwa kwenye kaneva.

Sasa tuangalie upande wa dawa. Fishi za stoki, za dozi za watoto na za wakubwa pamoja, zinaonyesha kwamba mwezi ulianza na dozi 90. Hakuna zilizoingia. Mwisho wa mwezi, dozi zilihesabiwa kwa mkono ndani ya kabati, zikabaki 21. Ni kusema 69 zilitoka. Mwezi huo hakuna mgonjwa mahututi aliyetumwa hospitali kabla ya kupewa dawa, basi kila mwenye ugonjwa alipaswa kupata dozi moja. Wagonjwa 61, dozi 69. Ndipo swali linatoka: "Dokta, hizi dozi nane zilienda wapi?"

Jibu liko kwenye rejista. Tarehe 1, siku ya yenga, mgonjwa mmoja alipewa dawa. Tarehe 30, Jumatatu, walipewa saba, kwa sababu wengi wenye kuanza homa siku ya yenga wanangoja kesho yake ndipo waende posti. Mmoja na saba ni nane. Siku ya kwanza ilikuwa imehesabiwa katika juma lililoanza mwezi wa 5, na siku ya mwisho katika juma la mwezi wa 7. Katika rapoti za kila juma hakuna aliyepotea. Katika rapoti ya mwezi, wanane hawakuonekana kabisa.

Testi nazo zinasema vilevile. Majuma manne yalikuwa na watu 104 waliopimwa. Tarehe 1 wawili walipimwa, na tarehe 30 watu 12, hivi mwezi mzima ni 118. Fishi ya stoki inaonyesha testi 120 zilitoka. Mbili zilizobaki si kosa: mstari wa C haukutokea, testi hizo hazikufaa, na wagonjwa wakapimwa tena. Tofauti ya namna hiyo ni ya kawaida, kama imeandikwa siku ile ile. Kama haikuandikwa, mwezi ukiisha hakuna atakayeikumbuka.

Kosa hili halileti tu masengenyo. Kama komandi ya dawa inafanywa kwa kufuata idadi ya wagonjwa wa rapoti, posti itaomba dozi 122 kwa miezi miwili, wakati inahitaji 138. Zinakosekana 16. Kwa wagonjwa 69 kwa mwezi, ni kama wawili na zaidi kwa siku, kwa hiyo posti itakaa karibu juma moja bila dawa.

Dawa ya kosa ni karatasi yenyewe. Karatasi nzuri ya fito haina mistari ya majuma. Ina mstari mmoja kwa kila tarehe, kutoka 1 mpaka 31. Kila jioni jumla ya siku inaandikwa pembeni kwa namba na mstari unafungwa, ili kesho asubuhi mtu asipige fito zile zile mara ya pili. Kwa rapoti ya juma, infirmie anajumlisha tarehe za Jumatatu mpaka Jumapili. Kwa rapoti ya mwezi, anajumlisha tarehe zote. Karatasi ni moja, na hesabu mbili zinatoka ndani yake.

Kwa posti zinazofungwa wakati watu wanakimbia vita, kuna jambo lingine. Siku ambayo posti ilifunguliwa na hakuna mgonjwa aliyekuja, inaandikwa 0. Siku ambayo ilikuwa imefungwa, inaandikwa "imefungwa". Nafasi ikiachwa wazi, biro ya zoni haiwezi kujua kama kijiji kilikuwa kizima, kama kilikuwa kitupu, au kama infirmie alisahau.

Na kwa CODESA, kabla ya kumshitaki mtu, mambo matatu yanafaa kuwekwa juu ya meza moja: rejista, karatasi ya fito na fishi za stoki. Waanze na siku ya kwanza na ya mwisho ya mwezi. Kisha wachague siku tatu za katikati na kuhesabu mistari ya rejista, moja moja. Namba za mwisho kulingana peke yake hakutoshi, maana mwenye kutaka kudanganya anaweza kunakili namba ya stoki kwenye kaneva. Kutengeneza mistari ya rejista ni ngumu zaidi, kwa sababu kila mstari una jina na kijiji, na majirani wanajuana. Kama mistari imehesabiwa na dozi nane bado hazionekani, hapo swali la wakaaji ni la haki, na linapaswa kufika kwenye biro ya zoni.