Mrembo wa Moshi Kaibiwa Akaunti, Lawama Siyo kwa Instagram!

Kuna mdada maarufu wa Moshi, yule wa mapicha ya maporomoko ya Materuni kila wikiendi, wiki nzima analia eti Instagram wamemfutia akaunti. Jamani, Instagram hawahusiki hapo.

Ilikuwa hivi. Iliingia imeili yenye nembo yao: umetumia wimbo wa mtu, akaunti inafutwa ndani ya saa 24, bofya hapa ujitetee. Akabofya. Ukafunguka ukurasa unaofanana kabisa na ule wa kuingilia, akaandika nywila, akaweka na ile kodi ya SMS. Muda si mrefu akatupwa nje, akaunti ikaanza kutangaza bitcoin.

Anwani ilianza na instagram.com, ndiyo, lakini kabla ya mkwaju wa kwanza ilimalizikia na jina jingine. Mwenye tovuti ni huyo wa mwisho, siyo wa mwanzo.

Tena hata hakuhitaji kuikagua. Angeiacha imeili ilivyo, akafungua app mwenyewe: Settings, Accounts Center, Password and security, halafu Recent emails. Pale zinaonekana imeili ambazo Instagram wenyewe wamemtumia ndani ya siku 14. Ya asubuhi hiyo isingekuwepo, basi, ni tapeli.

Hofu ya saa 24 ndiyo iliyomponza. Dakika mbili tu za kupita mlango wake mwenyewe zingemwokoa.

Wadau, mnasemaje?