Omeprazoli Humezwa Kabla ya Samaki, Si Baada

Wasee, leo tuongee tumbo. Nilipoacha chuo nilikuwa naishi kwa chai mchana na mlo mmoja mkubwa usiku. Kiungulia kikanishika. Nikanunua omeprazoli kwa kemisti, nikaambiwa "moja kwa siku", basi. Kila jioni nakula ugali na samaki pale Lwang'ni, nikimaliza saa mbili kifua kinachoma, saa mbili unusu nameza kapsuli. Wiki mbili, hakuna kitu. Nikasema hii ni feki.

Haikuwa feki. Mimi ndio nilikuwa naimeza saa mbaya.

Ukuta wa tumbo una seli zenye pampu ndogo za asidi. Ukiwa hujala, nyingi zimelala ndani ya seli. Ukianza kula, tumbo linaachilia homoni inaitwa gastrini, inapita kwa damu na kusaidia kuziamsha. Sasa, omeprazoli haishiki pampu iliyolala. Inageuka kuwa dawa kamili pale tu inapokutana na asidi kwenye seli inayofanya kazi. Hapo inang'ang'ania pampu na kuiua, mpaka seli itengeneze nyingine. Ndio maana kapsuli moja inashikilia siku nzima, ingawa dawa yenyewe inaisha kwa damu ndani ya saa chache.

Lakini kapsuli haifanyi kazi ikiwa tumboni. Lazima ifike kwa utumbo, iyeyuke, iingie kwa damu. Kwa hivyo unameza saa kumi na mbili unusu asubuhi, unakula saa moja. Pampu zikiamka, dawa inazingoja mlangoni. Mimi nilikuwa naituma wakati pampu zinarudi kulala. Na hata ukifanya poa, ngoja siku tatu au nne, kwa sababu pampu zote haziamki kwa mlo mmoja. Ukitaka nafuu ya sasa hivi, hiyo ni kazi ya ile dawa nyeupe ya maji inayozima asidi iliyokwisha mwagika.

Kuna mtego mwingine. Asidi ikipungua, tumbo linaongeza gastrini ili kufidia. Ukikata dawa ghafla baada ya miezi, gastrini yote hiyo inakutana na pampu mpya, na asidi inamwagika kuliko mwanzo kwa wiki kadhaa. Msee anasema ulsa zimerudi, anakimbilia paketi nyingine. Hapo umekuwa kastoma wa milele. Afadhali uongee na daktari upunguze polepole.

Maoni yangu ni haya: anayeuza hiyo kapsuli bila kusema "nusu saa kabla ya kula" ameuza nusu ya dawa. Nasi tuulize. Na ukiona choo cheusi kama lami, wachana na kemisti, enda hospitali siku hiyo hiyo.