Breki ya Mbele si Adui



Katika masika yaliyopita dada yetu alivunjika kifundo cha mkono. Alikuwa amepakiwa na mwanawe wa kuzaa kwa pikipiki, wakirudi nyumbani baada ya Isha, mvua ya rasharasha ikinyesha. Mbuzi alitoka kichakani akaingia barabarani. Kijana akakanyaga breki, pikipiki ikateleza ubavu, wakaanguka wote wawili. Mbuzi alikwenda zake salama.

Tulipokwenda kumjulia hali, tulimwuliza mpwa wetu alishika breki gani. Akatujibu bila ya kusita: “Ya nyuma, Mjomba. Mimi nilifundishwa tangu mwanzo kwamba ya mbele ni ya mauti, ukiigusa inakurusha.” Tukamwomba atuoneshe pikipiki yenyewe. Kishikio cha breki ya mbele kilikuwa kimelegea hata kikigusa mpini. Hakuwa amekitumia kwa muda wa miezi, wala hakujua kuwa hakifanyi kazi.

Kijana huyu si peke yake. Vijana wengi wanaotupakia sisi na wake zetu na watoto wetu wamefundishwa hivyo hivyo na wenzao. Basi tumeona tulieleze jambo hili taratibu, ili mama mwenye mwana anayeendesha pikipiki apate la kumwambia, na anayepanda apate la kuangalia.

Pikipiki ina breki mbili zisizotegemeana. Ya mbele hubanwa kwa vidole vya mkono wa kulia, na ya nyuma hukanyagwa kwa mguu wa kulia. Pikipiki inapopunguza mwendo kwa ghafla, sehemu kubwa ya uzito huhamia mbele. Hata abiria hulihisi hilo, maana kifua chake humsukuma dereva mgongoni. Mabomba mawili ya mbele yenye springi hudidimia, na tairi la mbele hugandamizwa kwa nguvu juu ya lami. Tairi lililogandamizwa hushika barabara. Wakati huo huo tairi la nyuma huwa jepesi, na tairi jepesi halishiki, bali huteleza. Ndiyo sababu juu ya lami kavu breki ya mbele hufanya zaidi ya nusu ya kazi ya kusimamisha. Anayetumia ya nyuma peke yake ameiacha kando breki yake yenye nguvu zaidi.

Je, hofu ya vijana haina asili? Inayo. Breki ya mbele humwangusha mtu katika hali mbili. Ya kwanza ni pale anapoinyakua kwa pupa, yaani kuibana yote mara moja kabla uzito haujahamia mbele. Tairi bado ni jepesi, basi linaacha kuzunguka na kuanza kuburuzika. Ya pili ni pale anapoibana ilhali pikipiki imelala kwenye kona, au usukani umepinda. Aliyeanguka namna hiyo mara moja huilaumu breki, kisha humfundisha mwenzake asiiguse. Lakini kosa lilikuwa katika mkono, wala halikuwa katika breki.

Mpango ulio sawa ni huu. Dereva akiona hatari mbele yake, kwanza huachia mafuta na kuinyoosha pikipiki isimame wima. Hapo hapo hukanyaga breki ya nyuma kwa wastani na kuanza kubana ya mbele, zote mbili pamoja. Ile ya mbele huibana kama mtu anavyokamua ndimu: huanza polepole, kisha huongeza nguvu kadiri anavyohisi uzito unakuja mbele. Kazi hiyo yote haizidi nukta moja au mbili. Macho yake huyaweka mbali, kwenye nafasi anayotaka kupita, wala hamkodolei mbuzi, maana pikipiki hufuata macho. Karibu na kusimama hubana klachi ili injini isizimike.

Sasa tuurudie usiku ule wa dada yetu na tuupime. Kijana alikuwa katika mwendo wa kilomita 40 kwa saa, na mbuzi alitokea kama mita 25 mbele yake. Kwa mwendo huo pikipiki hukata mita 11 kila nukta moja. Mtu aliye macho huhitaji takriban nukta moja tangu kuona hadi breki kuanza kushika. Kwa hivyo, kabla hajafanya lolote, mita 11 zilikuwa zimekwisha, zikabaki 14.

Juu ya lami iliyolowa, pikipiki inayosimamishwa kwa breki ya nyuma peke yake huhitaji kama mita 20 kutoka mwendo huo. Hapakuwa na namna, mita 14 hazikutosha. Naye alipoona haisimami akazidi kukanyaga, gurudumu la nyuma likaacha kuzunguka, mkia ukatoka ubavuni. Lau angetumia breki zote mbili kwa mkono mtulivu, kama mita 12 au 13 zingemtosha. Angesimama mbuzi akiwa karibu sana na tairi, lakini angesimama. Na lau barabara ingekuwa kavu, zingetosha mita 9 au 10. Hesabu hizi ni za kukadiria, maana tairi kipara au breki iliyochakaa huzirefusha zote.

Barabara iliyolowa ina mambo yake. Breki ya mbele hutumika vile vile, ila kwa nguvu ndogo zaidi na kwa kuanza mapema zaidi. Saa mbaya kabisa ni ile mvua inapoanza baada ya kiangazi kirefu, kwa sababu mafuta na vumbi vya miezi huelea juu ya lami kabla havijaoshwa. Rangi nyeupe ya vivuko na vifuniko vya chuma huwa kama vimepakwa sabuni. Hayo huvukwa pikipiki ikiwa imenyooka, breki imeachiwa. Tena pikipiki nyingi zetu zina breki ya ngoma nyuma, na baadhi hata mbele. Ngoma ikiingia maji katika dimbwi hulegea kwa muda. Dereva mwangalifu akishatoka dimbwini hugusa breki zote kidogo huku akienda, hata azihisi zimekauka na kushika, ndipo aongeze mwendo.

Juu ya changarawe na marram mpango hubadilika kidogo. Kokoto hubiringika chini ya tairi, na tairi la mbele likiacha kuzunguka hapo, usukani hutoroka na anguko huja mara moja. Kwa hiyo breki ya mbele huguswa kwa vidole viwili tu, kwa wepesi, na ya nyuma hupewa sehemu kubwa zaidi ya kazi. Tairi la nyuma likiburuzika kidogo katika mstari ulionyooka si msiba. Hata hivyo, ukweli ulio mkubwa ni kwamba juu ya kokoto hakuna breki inayosimamisha upesi. Kinachookoa ni mwendo wenyewe. Kutoka kilomita 40, kusimama kwenye changarawe huweza kula mita 20, mbali na zile 11 za kushituka. Kutoka kilomita 20 hutosha kama mita 5, kwa sababu ukipunguza mwendo kwa nusu, masafa ya breki hupungua kwa robo tatu. Tena mwendo hupunguzwa juu ya lami, kabla ya kuingia kwenye marram. Anayengoja hata aingie ndipo ashike breki amekwisha kuchelewa.

Huenda mtu akauliza: je, gurudumu likiacha kuzunguka hali pikipiki ingali inakwenda? Likiwa la mbele, usukani huwa mwepesi ghafla mikononi. Aachie breki ya mbele papo hapo, kisha aibane tena polepole. Likiwa la nyuma, huhisi mkia unayumba, na pengine husikia tairi likilia. Ikiwa pikipiki bado imenyooka, apunguze mguu. Ikiwa mkia umekwisha kutoka kando juu ya lami, asiachie kwa ghafla, maana tairi likishika tena hali limepinda, pikipiki hujinyoosha kwa kishindo na kuwarusha waliopanda. Ni salama zaidi kuendelea kukanyaga hata isimame.

Abiria naye ana sehemu yake. Uzito wake uko nyuma, kwa hiyo pikipiki yenye abiria hutegemea breki ya nyuma kuliko isiyo naye, ingawa ya mbele bado haiachwi. Anayekaa upande hana pa kujizuia uzito unapohamia mbele, huteleza yeye mwenyewe na kuivuta pikipiki pamoja naye. Anayekaa kwa kupanua miguu, nguo akiwa ameikusanya vizuri, hubaki katikati, na dereva hubaki na mizani yake.

Kabla ya kupanda, kuna jambo dogo ambalo mama yeyote aweza kulitaka. Amwambie kijana: “Mwanangu, isukume kidogo, kisha ubane breki ya mbele.” Pikipiki ikisimama na kuinama mbele, breki iko hai. Kishikio kikifika hata mpini na pikipiki ikaendelea, ni heri kungoja nyingine.

Mpwa wetu alikwenda kwa fundi, akakaza waya wa breki na kubadilisha brekshuu zilizokwisha. Kisha Jumapili moja asubuhi tulikwenda naye mahali pa kuegeshea magari palipokuwa patupu, lami kavu, kofia ngumu kichwani. Tuliweka jiwe kuwa alama. Alikuja kwa mwendo wa kilomita 30, na alipofika kwenye jiwe akakanyaga breki ya nyuma peke yake. Tulihesabu hatua 13. Akarudi, safari hii akitumia zote mbili, ya mbele kwa kuikamua. Mara ya kwanza aliogopa, akafika hatua 10. Mara ya sita alisimama kwa hatua 7, wala pikipiki haikumrusha. Alitazama nyuma kwenye jiwe, akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Mjomba, usiku ule Mama asingevunjika mkono.”

Hatukuwa na la kumjibu. Tulilisogeza jiwe, tukamwambia aanze tena. Juma lililofuata tulimpeleka kwenye njia ya marram nyuma ya nyumba, kwa kilomita 20 tu, ajifunze vidole viwili.