Fupisha Kichwa cha Habari, Usibadili Kitendo

Kichwa cha habari kinaweza kuwa na sarufi safi, upatanisho wa kisarufi usio na dosari na tahajia sahihi, na bado kikawa uongo. Ndiyo maana zoezi la kufupisha vichwa vya habari ni gumu kuliko linavyoonekana. Wengi hudhani kazi ni kuhesabu maneno na kuyapunguza. Mimi nashikilia kwamba kazi ni kuamua maneno gani yana haki ya kubaki, na kwamba neno la kwanza kuwa na haki hiyo ni kitenzi kinachotaja kile kilichotendeka hasa.

Tuchukue habari moja inayotugusa sisi tunaosoma na kufundisha Kiswahili nje ya pwani yake. Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikutana na kufikia maamuzi kuhusu lugha hii. Kwanza, liliidhinisha utekelezaji wa agizo la Mkutano wa 21 wa Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki la kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya. Pili, lilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na sekondari.

Mwandishi mwaminifu lakini asiye na huruma kwa msomaji angeweza kuiandikia habari hiyo kichwa kama hiki:

«Baraza la Mawaziri la Uganda laidhinisha utekelezaji wa agizo la Mkutano wa 21 wa Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya na kupendekeza somo hilo liwe la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na sekondari»

Ni maneno 45. Hakuna lililo la uongo, lakini msomaji atakapofika kwenye neno «sekondari» atakuwa amekwisha kusahau nani alianza kutenda. Kichwa hiki lazima kipunguzwe. Swali ni mkasi uanzie wapi.

Mkasi wa haraka hutoa hiki: «Kiswahili rasmi Uganda». Maneno matatu tu, nayo yanavutia. Hata hivyo, tazama kilichokatwa: kitenzi chote. Kichwa kisicho na kitenzi hakina wakati, na msomaji hulazimika kuujaza mwenyewe. Mmoja atasoma kwamba Kiswahili kimekuwa rasmi leo, mwingine kwamba kitakuwa rasmi kesho, wa tatu kwamba kuna watu wanaodai kiwe rasmi. Watu watatu wamesoma maneno yale yale na wamebeba habari tatu tofauti. Ufupi uliopatikana hapo umelipiwa kwa uwazi.

Mkasi wa pili hutoa hiki: «Uganda yakifanya Kiswahili lugha rasmi». Sasa kitenzi kipo, lakini kichwa kina makosa mawili. La kwanza ni la mtenda. Aliyetenda ni Baraza la Mawaziri, ambalo ni chombo kimoja cha dola, ilhali jina «Uganda» linabeba Bunge, mahakama na wananchi wote. Tofauti hiyo si ya watunga sheria peke yao. Katiba ya Uganda ya 1995, kama ilivyorekebishwa mwaka 2005, inasema katika ibara ya 6 kwamba Kiswahili ni lugha rasmi ya pili, nayo itatumika katika mazingira ambayo Bunge litayaainisha kwa sheria. Hapo ndipo linapoonekana kosa la pili: kichwa kinatangaza kuwa jambo limezaliwa leo, kumbe hadhi ya lugha rasmi ya pili ilikuwa imeandikwa katika Katiba miaka 17 kabla ya kikao hicho. Kilichokuwa kipya ni hatua ya Baraza kuhusu agizo la Jumuiya, pamoja na pendekezo lake kuhusu shule.

Mkasi wa tatu ndio wa hatari zaidi, kwa kuwa unafanana na kweli: «Kiswahili chafanywa somo la lazima Uganda». Chunguza kitenzi. Kiambishi -a- katika «chafanywa» ni cha wakati uliopo usiodhihirika, ambao magazeti huutumia kutangaza tukio lililokwisha kutokea. Mtu anayesoma «Rais afungua daraja» anajua daraja limefunguliwa. Kwa hiyo mzazi akisoma «chafanywa somo la lazima» ana haki ya kuamini kwamba mtoto wake atatahiniwa, na aanze kutafuta vitabu na mwalimu. Zaidi ya hayo, kauli ya kutendwa imemficha mtenda. Nani amekifanya kuwa cha lazima? Kichwa hakisemi, na kwa kutosema kinaifanya amri ionekane imeshuka kutoka juu bila mjadala. (Wala usijaribu kuokoa nafasi kwa kuandika «Kiswahili chawa somo la lazima». Kitenzi «kuwa» katika umbo hilo kitamfanya msomaji amwone mdudu kabla hajaiona habari.)

Baadhi ya wanafunzi wakionywa hivyo hukimbilia neno «huenda», nao huandika «Huenda Kiswahili kikawa cha lazima Uganda». Wanaamini wamekuwa waangalifu. Mimi sikubaliani nao. «Huenda» hueleza uwezekano, ilhali habari yetu si ya uwezekano. Ni ya kitendo kilichotendwa na chombo kinachojulikana, siku inayojulikana. Baraza limependekeza, na hilo halina huenda. Neno hili likiwekwa mahali pa kitenzi cha kweli humwondolea msomaji jambo la hakika na kumwachia kubahatisha.

Kuna ngazi ya vitenzi ambayo kila anayeandika habari za serikali anapaswa kuijua: kujadili, kupendekeza, kuidhinisha, kupitisha, kuanza kutekeleza. Kila kipandio kina uzito wake. Aliyejadili hajapendekeza, na aliyependekeza hajapitisha. Kichwa cha chambo mara nyingi hakizui jambo lisilokuwapo. Huchukua kitendo cha kipandio cha pili na kukipandisha hadi cha nne au cha tano. Ukitaka kukitambua, usitafute maneno ya kelele kama «maajabu» au «balaa». Tafuta kitenzi, kisha uulize kama kiko kwenye kipandio chake.

Sasa tukate vizuri. Hatua ya kwanza ni kuchagua habari moja kati ya mbili. Agizo la Jumuiya ni zito kwa wanadiplomasia, lakini pendekezo la shule ndilo linaloyagusa maisha ya wasomaji wengi. Tunalichagua hilo, na agizo tunalipeleka katika aya ya kwanza ya habari yenyewe. Hapo tumeondoa zaidi ya nusu ya maneno bila kumdanganya mtu, maana kuacha jambo moja lielezwe chini si kulificha. Hatua ya pili ni kupunguza nomino na vivumishi vya ziada. «La kutahiniwa» na «shule za msingi na sekondari» ni maelezo muhimu, lakini neno «somo» linatosha kutuweka shuleni hadi sentensi ya kwanza itakapofafanua. Hatua ya tatu ni kukiacha kitenzi katika kipandio chake. Tunapata hiki:

«Baraza la Mawaziri Uganda lapendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima»

Maneno ni 10. Mtenda yupo, kitendo kipo, na jambo lenyewe lipo. Tazama kazi inayofanywa na neno «kiwe». Irabu -e mwishoni mwake ni ya dhamira tegemezi, yaani inaonyesha jambo linalotakiwa, si jambo lililokwisha kuwa. Ukiibadili na kuandika «kuwa somo la lazima», msomaji wa magazeti anaweza kuelewa kwamba uamuzi umekwisha na unasubiri tarehe tu, kwa sababu vichwa vingi hutumia kitenzi-jina kutangaza jambo lijalo, kama katika «Mitihani kuanza Jumatatu». Irabu moja basi inaweza kuitenganisha ripoti na uvumi.

Mtu atauliza: kwa nini tusiandike «Mawaziri Uganda wapendekeza», tuokoe maneno mawili? Kwa sababu «mawaziri» wanaweza kuwa wawili waliozungumza na waandishi nje ya ukumbi. Baraza la Mawaziri likikaa na kuamua, hiyo ni kauli ya serikali. Maneno mawili tunayoyaokoa yangeishusha habari, na kushusha ni kupotosha kama kulivyo kupandisha. Hapa ndipo ufupi unapofikia mpaka wake: neno likiondolewa na mtenda au kitendo kikabadilika, neno hilo lilikuwa mfupa, si mafuta.

Wapo wahariri watakaosema kwamba kichwa cha namna hii hakibofywi, na kwamba afadhali «Hili ndilo somo ambalo mwanao hatalikwepa tena». Nawaelewa, gazeti lisilosomwa hufa. Lakini angalia maneno hayo. Hayakufupisha kitu, kwa kuwa hata jina la somo yamelificha makusudi ili msomaji alipe kwa kubofya. Kufupisha ni kuacha jambo kwa sababu nafasi haitoshi. Kutega ni kuficha jambo ambalo nafasi yake ilikuwapo. Na kichwa chetu cha maneno 10 hakikosi mvuto, kwani kinaacha swali la haki: je, Bunge litasema nini, na walimu watatoka wapi? Msomaji atakayefungua habari kwa swali hilo ataikuta habari inayomjibu au inayomwambia kwamba jibu bado.

Kabla ya kuwasilisha kichwa ulichofupisha, kifanyie majaribio mawili. Kwanza, tafuta ndani ya habari sentensi moja inayosema kile ambacho kichwa kinasema, kwa kitenzi cha uzito ule ule. Usipoiona, kichwa hicho hakitokani na habari hiyo. Pili, msomee mtu ambaye hataisoma habari yenyewe, kisha umwombe akueleze kwa maneno yake kilichotokea. Akisema «Uganda wamelazimisha Kiswahili», kirudishe mezani. Akisema «Serikali ya Uganda inataka Kiswahili kiwe cha lazima», kiache kama kilivyo, maana wengi wa wasomaji wako hawatasoma zaidi ya hapo, na hicho ndicho watakachokwenda kuwaambia jirani zao.