Kibali cha kukaa si tiketi ya kurudi

Wadau, Jumapili iliyopita nimegombana na mama mkubwa, na mpaka leo hajapokea simu yangu. Kisa ni kijana wake aliyeko Marekani anasoma. Anataka aje Kinyerezi likizo ndefu, miezi miwili, ale ugali wa nyumbani, amwone bibi. Mimi nikasema asije. Mama mkubwa akaniuliza kwa ukali: "Kibali chake kipo hai, chuo kimemsainia karatasi, ada imelipwa. Wewe unamtisha nini mwenzako?"

Sentensi hiyo ndiyo iliyoniudhi, na wala simlaumu yeye. Kaisikia kwa mawakala wa vyuo vya nje, wale wanaochukua pesa ya fomu na pesa ya "ushauri". Wanakupeleka mpaka uwanja wa ndege, wanapiga picha na familia, wanaiweka mtandaoni. Ukishaondoka kazi yao imekwisha. Kurudi nyumbani na kwenda tena hakumo kwenye ushauri wao. Na sisi wa magazetini tuko vilevile: habari ya vijana kupata ufadhili tunaipa picha kubwa, habari ya kijana aliyekwama likizo hatuitafuti.

Basi nieleze ninachokijua, maana suala lenyewe si gumu.

Mwanafunzi aliyeko nje ana karatasi za aina mbili ambazo watu wengi wanadhani ni kitu kimoja. Moja inakuruhusu kuingia, nyingine inakuruhusu kukaa. Kwa Marekani, viza ya F-1 ile stika iliyobandikwa kwenye pasipoti ni ya kufika mlangoni. Ukishaingia, kinachokuweka pale ni hadhi yako ya uanafunzi, inayotegemea karatasi ya I-20 na masomo yako. Stika ikiisha muda ukiwa ndani, hakuna anayekugusa. Unaweza kusoma miaka miwili na stika iliyokufa, na ni halali kabisa. Lakini ukitoka, ile I-20 haikurudishi ndani peke yake. Inataka saini ya afisa wa chuo ya ruhusa ya kusafiri, ambayo kwa mwanafunzi anayeendelea na masomo inahesabiwa mwaka mmoja, na inataka stika iliyo hai. Stika mpya huipati ukiwa ndani ya Marekani. Lazima utoke ukaiombe.

Kwa hiyo kijana anaposema "nina kibali mpaka 2027", anasema kweli, ila anajibu swali ambalo hakuulizwa.

Sasa chukua binti mmoja wa huku kwetu, jina nalihifadhi. Stika yake iliisha Oktoba 2025. Masomo yake yanaisha Mei 2027. Desemba 13 akapanda ndege kuja kula Krismasi, I-20 ikiwa na saini mbichi, na miadi ya viza kaiweka Januari 5. Hesabu nzuri tu, masomo yanaanza katikati ya Januari. Siku tatu baadaye, Desemba 16, Rais wa Marekani akasaini tangazo lililoongeza nchi kwenye orodha ya zuio la kuingia. Tanzania ikawamo, kwenye kundi la zuio la sehemu, na miongoni mwa viza zilizosimamishwa ni za matembezi na biashara, pamoja na za wanafunzi, F, M na J. Kuanza kutumika: Januari 1, 2026.

Someni vizuri lilivyoandikwa. Linamgusa yule ambaye siku hiyo yuko nje ya Marekani na hana viza iliyo hai. Viza zilizokwishatolewa hazikufutwa. Mwenzake wa chumba kimoja, Mtanzania vilevile, aliyekuja likizo hiyohiyo na stika ya kuisha mwezi wa sita, zuio hilo halikumgusa. Aliyebaki bwenini kwenye baridi akila tambi naye halikumgusa. Binti yetu alikuwa nje na stika iliyokufa, yaani masharti yote mawili yamemkuta amekaa sebuleni kwao. Hakukosea popote. Ada alilipa, darasa hakukosa, hata siku moja hakuzidisha. Miadi ya Januari 5 ikabaki namba kwenye barua pepe.

Mama mkubwa akanirukia: "Sasa si wangu alikuwa ndani siku hiyo? Wewe si umesema linawagusa waliokuwa nje?"

Hoja yake ina nguvu na nilimkubalia. Kwa herufi za tangazo, kijana wake hakuwa nje Januari 1. Lakini stika yake nayo imekwisha. Akija atahitaji mpya, na anayeamua kama herufi hizo zinamsaidia ni afisa wa viza dirishani. Tangazo kama hili huja asubuhi moja na kuondoka asubuhi nyingine, na binti wa Desemba alipata onyo la siku kumi na tano, tena akiwa tayari yuko Kinyerezi. Unaweka rehani masomo ya miaka miwili kwa ugali wa miezi miwili. Mimi dau hilo siweki.

Kuna wale watakaosema ni Marekani tu, wenzetu wa China hawana shida. Ndugu zangu, tumeshasahau 2020? Mwanafunzi wa kozi ndefu huingia China na viza ya X1, kisha ndani ya siku 30 anaomba kibali cha ukaazi, na kibali hicho ndicho kinachomruhusu kutoka na kuingia. Kwa hiyo kule ukaazi na kuingia vimo kwenye karatasi moja, mpangilio mzuri kuliko wa Marekani. Mwaka mpya wao ulikuwa Januari 25, 2020, vyuo vimefungwa, wengi wakaondoka kwa likizo, wengine kwa hofu ya korona. Machi 28, 2020 China ikasimamisha kuingia kwa wageni hata wenye vibali vilivyo hai. Wa kazi walianza kufunguliwa Septemba 2020. Wanafunzi walisubiri mpaka Agosti 24, 2022. Likizo ya wiki chache ikawa miaka miwili na miezi mitano. Hapa mtaani nilimfahamu mmoja wa udaktari, akisoma kwa simu usiku wa manane kwa sababu ya tofauti ya saa. Mtu hawezi kujifunza kumshona mgonjwa kwa bando la intaneti.

Sisemi kwamba yule angejua. Hakuna aliyejua. Ninachosema ni kwamba kuna hatari mbili tofauti. Moja ni mlango kufungwa kwa wote, na hiyo hukuti tarehe yake popote. Nyingine ni tarehe iliyochapwa kwenye pasipoti yako mwenyewe, ukurasa wenye picha yako. Ya pili unaiona. Ukitoka huku imepita, umejiweka kwenye kundi ambalo tangazo lolote likija linaanza nalo.

Na stika hiyo iliyokufa hukusumbua hata kabla hujafika nyumbani. Hapa mawakala wa tiketi ndio wananikera zaidi. Wanatafuta bei ndogo tu. Mtanzania ni miongoni mwa wanaohitaji viza ya kupita Uingereza hata kama hatoki nje ya eneo la kubadilishia ndege. Unasamehewa ukiwa na viza iliyo hai ya Marekani, Kanada, Australia au Nyuzilandi. Sasa kijana wa mama mkubwa, mwenye stika iliyoisha, akikatiwa tiketi ya kupitia Heathrow, msamaha huo hana. I-20 yake haitambuliki kama viza. Na hatazuiwa London, atazuiwa hukohuko anakoanzia, kaunta ya shirika la ndege, na dada wa watu anayesoma masharti kwenye kompyuta. Shirika likimbeba bila karatasi linatozwa faini, kwa hiyo usitegemee huruma. Tiketi ya bei ndogo mara nyingi hairudishiki.

Amsterdam ni tofauti. Orodha ya pamoja ya Ulaya ya Schengen ya wanaohitaji viza ya kupita uwanjani ina nchi kumi na mbili. Kongo ya Kinshasa imo, Tanzania haimo. Ndiyo maana rafiki yako Mkongo akikwambia "pale wananizuia" na wewe ulipita jana, wote mko sahihi. Lakini angalia mitego miwili. Ukipita viwanja viwili vya Schengen, tuseme Paris halafu Amsterdam, ile safari ya katikati inakuingiza ndani ya Schengen na unahitaji viza kamili. Na ukinunua tiketi mbili tofauti ili kubana matumizi, begi halifiki Dar lenyewe. Inabidi utoke ulichukue, na kutoka ni kupita uhamiaji. Doha na Dubai hazina kizungumkuti hicho kwa Mtanzania, mradi tiketi ni moja na hutoki nje ya eneo la abiria wanaounganisha.

Kuna mlango mdogo mmoja ambao vijana wa Marekani wanausimulia vibaya. Ni kweli mwenye F-1 aliyeishiwa stika anaweza kwenda Kanada au Meksiko kwa siku zisizozidi 30 na kurudi na stika ileile iliyoisha, kama I-20 na hadhi yake viko sawa. Lakini Kanada wenyewe wanataka viza yao kwa Mtanzania. Na ukiwa kule ukijaribu kuomba viza mpya ya Marekani, ruhusa hiyo imekufa hapohapo, hata kabla hujajibiwa. Wapo wanaokwenda "kujaribu bahati" Toronto. Tena tangu Septemba 2025 Marekani imeelekeza mtu aombe viza katika nchi yake au anakoishi, kwa hiyo bahati yenyewe imepungua. Na hakuna njia ya mkato ya aina hiyo kuja Dar.

Nikamwambia mama mkubwa: kama ni bibi, bibi ana simu. Kama ni msiba, Mungu apishe mbali, hapo atakuja akijua anachokipoteza, na hakuna atakayemlaumu. Lakini ugali? Hela ya tiketi yake ije na wewe upande... halafu nikakumbuka viza ya matembezi nayo imo kwenye tangazo lilelile, nikanyamaza. Hapo ndipo alipokata simu.

Jioni kijana mwenyewe akanitumia ujumbe. Kaangalia pasipoti yake. Stika iliisha Machi 9, na kwa miezi yote hiyo hakuwahi kufungua ukurasa ule. Ananiuliza kama nimwambie mama au amwambie yeye.