Mtandao Usiosikia Ndovu

Makala kadhaa zilizoletwa kwa toleo hili zilifungua kwa dai lilelile: kwamba kitambuzi cha zamani, kile kinachopima sifa mbili tatu za sauti na kukata shauri, kimekwisha zamani zake. Anayetaka kujua usiku kama ndovu wa Tsavo wameshuka kwenye mahindi ya Sagalla achukue mtandao wa neva uliokwisha kufunzwa kwa sauti za kila aina, aunoe kwa mifano michache ya kwetu, kazi imekwisha. Dai hili linaniudhi, na nitasema kwa nini, kwa sababu anayeamshwa saa nane za usiku bure, au asiyeamshwa kabisa, ni mkulima.

Wenye dai hili hawaulizi ni nini kilichofika masikioni mwa mtandao.

Uchukueni VGGish, mtandao wa Google ambao wengi huuanzia kwa kuwa unapatikana bure. Kabla sauti haijaingia ndani yake hupitishwa kwenye chujio, na chujio hilo huacha tu mitetemo kati ya 125 na 7,500 kwa sekunde. Kwa watu wanaozungumza, kwa magari na kwa muziki, hapo pametosha. Lakini mngurumo wa ndovu una msingi wa mitetemo kama 14 hadi 35 kwa sekunde, sehemu yake chini hata ya sikio letu, na ndiyo maana dunia haikuujua hadi Katy Payne na wenzake walipouchapisha mwaka 1986. Msingi huo haufiki kwenye mtandao kamwe. Na hata chujio lingeuachia, kuna dirisha: VGGish hukata sauti vipande vya sehemu ya 40 ya sekunde. Mtetemo mmoja wa ndovu anayenguruma kwa mitetemo 20 huchukua sehemu ya 20 ya sekunde. Kila dirisha linaona nusu ya wimbi.

Basi mtandao uliojifunza "ndovu" ulijifunza nini? Kuna majibu mawili. La kwanza ni lile la heshima: juu ya msingi hupandana ngazi za sauti kwa hatua sawa, 20, 40, 60, na kuendelea, na ndovu akiwa karibu ngazi za juu hupita mpaka wa 125. Mtandao unaweza kuzishika hizo. Ila ngazi za juu ndizo zinazofifia kwanza njiani, huku msingi ukienda kilomita kadhaa. Kwa hiyo mtandao huo unamtambua ndovu aliyekwisha fika shambani, wakati tulitaka kujua yuko njiani.

La pili ni nyenje. Jioni hewa ya chini ikipoa, sauti nzito husafiri mbali zaidi, na rekodi zetu nyingi zenye ndovu ni za saa hizo. Rekodi zisizo na ndovu watu huzichukua mchana, kwa kuwa mchana ni rahisi kufanya kazi. Matokeo yake, rafu moja ina ndovu pamoja na nyenje, nyingine ina upepo, ndege na mbuzi. Mtandao umeambiwa utenganishe rafu hizi mbili, na nyenje wako katikati kabisa ya masafa unayoyasikia vizuri. Umetenganisha. Haukukosea hata kidogo kwa kadiri ya swali uliloulizwa. Kisha mtafiti anagawa vipande kwa bahati nasibu, vya kufunzia na vya kupimia, na vya kupimia vinatoka usiku uleule, kinasa kilekile, nyenje walewale. Alama zinakuwa za juu sana.

Kulijua hili si kazi kubwa. Chukua rekodi ambayo ndovu anaonekana wazi kwenye mchoro wa sauti, ondoa kila kitu kilicho juu ya mitetemo 200, urudishe kwa mtandao. Kisha chukua usiku wenye nyenje bila ndovu, uupeleke nao. Mtandao ukinyamaza kwa ya kwanza na kulia kwa ya pili, umekwisha kujua ulichonacho.

Tiba moja ipo, nami naipenda kwa urahisi wake: icheze rekodi mara kumi haraka zaidi kabla ya kuiingiza. Mitetemo 20 inakuwa 200, inapita chujio; dirisha moja sasa linabeba mawimbi matano; na nyenje wanarushwa juu kabisa ya 7,500, nje ya masikio ya mtandao. Mtu aliyeijua sauti ya ndovu kabla hajaijua kompyuta angelifanya hivyo siku ya kwanza.

Sasa kitambuzi cha sifa. Chenyewe hakijifunzi mengi: kuna msingi kati ya 14 na 35? Kuna ngazi za hatua sawa juu yake? Mifano inatumika kuweka mipaka tu. Na pale Voi, kando ya barabara ya Mombasa, kinadanganyika vibaya. Lori lenye injini ya dizeli ya silinda sita, limeegeshwa na injini inazunguka mara 600 kwa dakika, huzunguka mara 10 kwa sekunde, na kila mzunguko silinda tatu huwaka. Ni mitetemo 30 kwa sekunde, pamoja na ngazi zake za hatua sawa. Kwa kitambuzi hiki, lori hilo ni ndovu.

Lakini tazameni tofauti. Kosa hili nimelieleza kwa hesabu ya mstari mmoja, na dawa yake inatoka humohumo: mngurumo wa ndovu hupanda kidogo kisha hushuka, na huisha baada ya sekunde chache, injini hubaki palepale dakika nzima. Ongeza sifa ya tatu, mpindo wa sauti, na lori linatoka. Kosa la nyenje lingeweza kuishi ndani ya mtandao miaka bila mtu kuliona.

Sisemi mtandao hauna mahali. Ndovu wawili wakinguruma pamoja, ngazi zao hupishana na kitambuzi cha sifa huruka kutoka kwa huyu hadi kwa yule. Hapo mtandao uliosikilizishwa vizuri hukishinda. Makala ya kwanza katika toleo hili inaonyesha hilo vizuri, na naomba isomwe polepole.

Makala ya pili inarudi kwenye utafiti wa mwaka 2024 wa Michael Pardo na wenzake juu ya ndovu kuitana kwa kitu kinachofanana na jina, kwa miito 469 ya Amboseli, majirani zetu upande wa Taveta, na Samburu. Walitumia msitu wa miti ya maamuzi juu ya sifa za sauti, si mtandao mkubwa, na walimpata anayeitwa kwa asilimia 27.5 ya miito. Wanaoicheka asilimia hiyo wakumbuke kwamba waliilinganisha na kile kipatikanacho kwa sifa zisizo na maana, na kwamba miito 469 ni chakula kidogo mno kwa mtandao. Makala ya ndege wa Ngangao ni fupi na safi. Ile ya kutenganisha maandishi ya Kidawida na ya Kisagalla kwa mfuatano wa herufi tu itawashangaza wanaodhani kila kazi ya lugha inahitaji mashine kubwa.

Neno la mwisho ni kwa watakaotuandikia. Mwaka 2018 Sara Beery na wenzake walionyesha kwa kamera za porini kwamba kiainishi cha picha huporomoka kikipelekwa mahali kisipofunzwa, kwa kuwa kilishika vichaka na mawe ya nyuma pamoja na mnyama. Vinasa sauti havina tofauti. Kuanzia toleo lijalo hatutachapa alama zilizopatikana kwa kugawa vipande kwa bahati nasibu. Anayefunza kwa rekodi za Sagalla apime kwa za Kasigau au Mwatate, na ataje saa za rekodi zisizo na ndovu.